Uso wa rais kwenye mwili wa mchekeshaji: mzaha unaishia wapi, udanganyifu unaanzia wapi

Tarehe 29 Oktoba 2019 Rais John Magufuli wa Tanzania alitimiza miaka 60. Mchekeshaji Idris Sultan, ambaye wengi walimfahamu tangu aliposhinda Big Brother Africa mwaka 2014, akaweka mtandaoni picha mbili alizobadilishana sura na rais. Katika moja, Idris ndiye aliyeketi kwenye kiti cha rais chenye nembo ya taifa. Katika nyingine, uso wa rais ulikuwa juu ya mwili wa Idris. Maelezo yake yalisema kwamba wamebadilishana nafasi kwa siku moja ili rais asherehekee siku yake ya kuzaliwa kwa amani.

Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alimwandikia hadharani kwamba hajui mipaka ya kazi yake, akamtaka aende kuripoti polisi. Idris alienda, akahojiwa, akaachiwa kwa dhamana. Kosa lililotajwa lilikuwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwenye kifungu kinachokataza mtu kutumia kompyuta kujifanya mtu mwingine.

Tukio hilo linafaa kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu lina kila kitu kinachowachanganya watu: sura ya kiongozi iliyohamishwa, alama ya dola ndani ya picha, mchekeshaji anayejulikana, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya matapeli. Kuna waliosema ni utani wa kawaida wa siku ya kuzaliwa. Kuna waliosema ni dharau. Swali la tatu liliulizwa na wachache, na ndilo tunalolishughulikia hapa: je, kuna mtu aliyedanganywa?

Kwa nini picha si sawa na katuni

Mchora katuni Gado alipomchora Uhuru Kenyatta akiwa na mnyororo na tufe la chuma mguuni wakati wa kesi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hakuna msomaji aliyejiuliza kama rais wa Kenya kweli anatembea na tufe. Mstari wa kalamu unajitambulisha wenyewe. Unamwambia msomaji kwamba kuna mtu aliyekaa mezani, akafikiri, akachora maoni yake.

Picha iliyobadilishwa sura haina kitambulisho hicho. Inatumia imani ambayo watu wamekuwa nayo kwa kamera miaka yote, kwamba kilichopigwa kilikuwepo. Ndiyo nguvu yake katika kejeli, maana kichekesho kinakolea pale uso wa mheshimiwa unapokaa sawasawa mahali usipotarajiwa. Na ndiyo hatari yake, maana uso huohuo uliokaa vizuri unaweza kuaminiwa na mtu ambaye hakuambiwa kuwa ni mzaha.

Inasaidia kujua kinachofanyika ndani ya programu. Kwanza inatafuta uso kwenye picha zote mbili, kisha inaweka nukta kwenye pembe za macho, ncha ya pua, ukingo wa midomo na mstari wa taya. Mpangilio uliozoeleka una nukta 68. Kwa nukta hizo programu inajua uso umeinama kiasi gani na umeelekea upande upi. Uso wa kwanza unavutwa na kukunjwa mpaka nukta zake zilale juu ya nukta za uso wa pili, rangi ya ngozi inasawazishwa, na kingo zinalainishwa ili mshono usionekane. Programu mpya za akili bandia hazikati na kubandika namna hiyo. Zinatengeneza uso mpya wenye sifa za mtu mmoja na mkao wa mwingine. Modeli moja iliyotumika sana, `inswapper_128`, inatoa uso wa pikseli 128 kwa 128 tu, halafu programu nyingine inaukuza na kuunoa. Kwa hiyo mara nyingi utaona ngozi ya uso ni laini kama ya tangazo la mafuta ya kujipaka, ilhali kola ya shati na kitambaa cha kiti vinaonyesha kila uzi.

Jambo la kushika hapa ni lile ambalo halibadiliki. Kinachohamishwa kwa kawaida ni eneo la kati ya nyusi na kidevu. Nywele, masikio, shingo na mikono hubaki vya mwenye mwili. Mchekeshaji anayetaka watu wacheke huacha tofauti hizo zionekane, tena huzitafuta: uso wa mzee juu ya mwili wa kijana, uso wa waziri juu ya mwili wa konda. Anayetaka kudanganya hufanya kinyume. Huchagua mwili wenye umri, unene na mavazi yanayofanana na ya mhusika, na mwanga unaotoka upande uleule. Ukiona mtengenezaji amehangaika kuficha kila dalili ya mchezo, umepata ushahidi wa kwanza kuhusu nia yake, ingawa hautoshi peke yake.

Kipimo kinachofanya kazi

Watu wengi hupima kwa ubora wa picha: ikiwa inaonekana halisi mno, basi ni udanganyifu. Wengine hupima kwa maumivu: ikiwa imemkera mhusika, imevuka mpaka. Vipimo vyote viwili vinapotosha. Kuna picha mbovu zilizoibia watu fedha, na kuna picha safi kabisa ambazo hakuna aliyeziamini hata dakika moja.

Kipimo bora ni kuuliza nini kinatokea mtazamaji akiiamini. Kejeli inakufa ikiaminiwa. Mtu aliyeamini kwamba Idris Sultan amekaa kweli kwenye kiti cha rais hajakipata kichekesho. Kwake ile ni habari ya ajabu tu. Udanganyifu hufa ukigunduliwa. Tapeli aliyebandika uso wa kiongozi kwenye tangazo la mkopo hana faida yoyote kwa mtazamaji anayejua kwamba picha ni ya kutengeneza. Mwenye kejeli anahitaji ugundue. Tapeli anahitaji usigundue.

Jamii zetu zinalijua jambo hili kwa njia yake. Kwenye msiba, mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akaongea kwa sauti yake na kudai chakula, na waliofiwa wakacheka katikati ya machozi. Hakuna anayesema kwamba amejifanya marehemu, kwa sababu kila aliyepo pale anajua huyu ni mtani na anajua watani hufanya nini. Ruhusa yake inatokana na kujulikana. Mtu huyohuyo akivaa nguo zilezile na kwenda benki na kitambulisho cha marehemu, huo ni wizi.

Turudi kwenye picha za 2019 tuzipime. Zilikuwa na funguo tatu zilizomfungulia mtazamaji mzaha: zilitoka kwenye ukurasa wa mchekeshaji kwa jina lake, zilikuwa mbili zenye mabadilishano yanayotazamana, na zilikuwa na maelezo yanayosema wazi kwamba wamebadilishana. Ondoa maelezo: bado jozi inajieleza. Ondoa picha moja ubaki na Idris kwenye kiti chenye nembo: nani nchini Tanzania mwaka 2019 angeamini kwamba yeye ndiye rais? Ondoa ile ubaki na uso wa rais juu ya mwili wa kijana: mtu anaweza kuona ni utovu wa adabu, lakini haelezwi jambo lolote la uongo kuhusu rais, kwamba alisema hivi, alienda pale, alisaini kile. Hakuna dai ndani yake la kuaminiwa.

Tazama na kifungu chenyewe. Adhabu ya kujifanya mtu mwingine chini ya kifungu cha 15 imepangwa kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya thamani ya manufaa aliyopata mkosaji. Hesabu ya mara tatu inaonyesha walioandika sheria walikuwa wanamfikiria nani: mtu anayetumia jina la mwingine kupata kitu kisicho chake. Kuivuta sheria hiyo imfikie mchekeshaji aliyeweka jina lake mwenyewe juu ya mzaha ni kuitumia kwa kazi ambayo haikutengenezewa. Kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo, kuhusu taarifa za uongo, kinakaribia zaidi swali letu kwa sababu kinataja nia ya kupotosha umma. Lakini kinataja pia nia ya kutukana na kukashifu, na hapo udanganyifu na ukosefu wa heshima vinawekwa kapu moja.

Kenya, katika sheria yake ya makosa ya kompyuta ya 2018, iliandika kifungu cha 22 kwa namna nyingine. Kosa lilikuwa kuchapisha kwa makusudi data ya uongo au ya kubuni kwa nia kwamba ichukuliwe au itendewe kazi kama ya kweli. Kifungu hicho kilipingwa mahakamani na wanablogu tangu mwaka uleule, na wana sababu nzuri za kukiogopa mikononi mwa polisi. Hata hivyo maneno hayo kuhusu nia ya kuchukuliwa kama kweli yanagusa penyewe. Ukiyasoma sawasawa, kejeli inayotaka kugunduliwa haiingii humo.

Marekani ilishalipitia swali hili kabla ya picha za kompyuta. Mwaka 1983 jarida la Hustler lilitumia picha halisi ya mhubiri Jerry Falwell kwenye tangazo la kubuni la kinywaji, likimpa maneno machafu kupita kiasi. Chini ya ukurasa kulikuwa na maandishi madogo kwamba ni tangazo la mzaha na lisichukuliwe kwa uzito. Falwell alipolishtaki, baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani lilikataa dai lake la kashfa kwa sababu hakuna mtu mwenye akili ya kawaida angeweza kulielewa kama maelezo ya mambo yaliyotokea. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, majaji wote 8 walioshiriki, ilisema pia kwamba mtu maarufu hawezi kulipwa fidia kwa maumivu ya moyo peke yake, bila kuonyesha kwamba kuna tamko la uongo lililotolewa kwa kujua ni uongo au bila kujali. Mkazo uko palepale: kuna dai la uongo, au hakuna?

Ufunguo unapopotea njiani

Ugumu wa kweli ni kwamba picha haikai ilipowekwa. Machi 2023 ilisambaa picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la kisasa la baridi. Haikuwa ya kubadilisha sura bali ilitengenezwa yote na programu ya Midjourney, lakini funzo lake ni lilelile. Ilianza kwenye makundi ya watu wanaoonyeshana picha za akili bandia, na pale hakukuwa na aliyedanganywa, maana jina la kundi lenyewe lilikuwa maelezo tosha. Ilipohamia kwenye kurasa za kawaida, maelezo hayo yalibaki nyuma na watu wengi wakaamini. Mtengenezaji hakubadilisha hata pikseli moja. Kilichobadilika ni mazingira.

Mwaka uliofuata, Julai 2024, ilitengenezwa video ya kampeni ya bandia yenye sauti inayofanana na ya Kamala Harris. Aliyeitengeneza aliandika wazi kwenye kichwa cha habari kwamba ni mzaha. Elon Musk alipoisambaza kwa wafuasi wake, neno hilo halikuwepo. Jimbo la California likapitisha sheria Septemba mwaka huo ya kudhibiti video na picha bandia za uchaguzi, na kwa kazi za kejeli ikadai onyo lenye herufi zisizo ndogo kuliko herufi kubwa kabisa zilizomo kwenye video. Mtengenezaji alilalamika mahakamani kwamba onyo la ukubwa huo lingejaza skrini nzima na kuua kazi yake. Oktoba 2024 jaji wa shirikisho aliisimamisha sehemu kubwa ya sheria hiyo. Kwa maoni yetu jaji alikuwa sahihi, lakini tatizo ambalo sheria ilijaribu kulitatua bado lipo: ufunguo uliowekwa nje ya picha hudondoka mara tu picha inaposhewa.

Kwenye WhatsApp jambo hili hutokea haraka zaidi. Anayepokea anaweza kupakua picha na kuituma upya bila maelezo yaliyokuja nayo. Jina la aliyeitengeneza halionekani. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, zikiwemo zile za kueleza programu iliyotumika, huondolewa picha inapobanwa, na skrinshoti huzimaliza zilizobaki. Picha iliyotoka kwa mchekeshaji anayejulikana inafika kwenye kundi la ukoo baada ya mikono kumi ikiwa haina baba wala mama.

Chukua mfano wa kutunga. Mtu ameweka uso wa waziri wa uchukuzi kwenye mwili wa konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala, noti zimekunjwa kati ya vidole. Toleo la kwanza lina maneno: "Baada ya nauli kupanda, mheshimiwa ametafuta kazi ya pili." Kila mtu anacheka, na anayelipa nauli kila asubuhi anacheka kwa uchungu. Toleo la pili ni picha ileile bila neno. Bado haiaminiki, ila maana imepungua, na mtu mzima asiyezoea mambo ya mtandao anaweza kuuliza kama waziri alipanda daladala kukagua. Toleo la tatu limewekwa kwenye kadi yenye rangi na nembo ya chombo cha habari, tarehe ya leo, na maneno: "Waziri akagua daladala, atangaza nauli mpya kuanzia Jumatatu," na kiasi cha shilingi.

Uso ni uleule katika matoleo yote matatu. Mpaka umevukwa katika la tatu, na umevukwa na vitu ambavyo havihusiani kabisa na ubadilishaji wa sura: nembo iliyoazimwa kwa mtu anayeaminiwa, tarehe, tamko linaloweza kuwa kweli, na jambo ambalo mtazamaji atalifanyia kazi. Jumatatu kuna abiria atakayegombana na konda. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba ukipewa picha uiamue, usianze kwa kukodolea macho uso. Angalia kwanza kilichouzunguka. Namba ya simu ya kutuma pesa, kiungo cha kujaza fomu ya mkopo, nembo ya gazeti, mahali na saa mahususi: hivi havimsaidii mchekeshaji kuchekesha. Vinasaidia kuaminiwa.

Atakayejibu kwamba alikuwa anatania anaweza kuulizwa swali moja tu: kichekesho kiko wapi? Kejeli ina kitu inachokisema kuhusu mhusika, nauli, ahadi, safari, maringo. Toleo la tatu halisemi chochote kuhusu waziri. Linatoa taarifa ya uongo na kunyamaza. Neno "utani" likiongezwa baada ya watu kulalamika ni utetezi wa kuchelewa. Lilitakiwa liwepo picha ilipotoka.

Ukali si uongo

Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya walijaza mitandao kwa picha na vibonzo vikali vya kumkejeli Rais William Ruto, vikiwemo vilivyomwonyesha akiwa ndani ya jeneza. Desemba mwaka huo vijana kadhaa waliokuwa wamechapisha kazi za namna hiyo walitekwa na watu wasiojitambulisha, akiwemo mchora vibonzo Gideon Kibet, maarufu kama Kibet Bull. Polisi walikana kuhusika. Watano waliachiwa mapema Januari 2025.

Picha ya mtu aliye hai ndani ya jeneza inaumiza, na kwa wengi katika mila zetu ni kama kumwapiza. Mtu ana haki kabisa ya kusema haipendi, na mzazi ana haki ya kumkemea mwanawe. Lakini haimdanganyi mtu ambaye jana usiku alimwona rais kwenye taarifa ya habari. Ingekuwa udanganyifu kama jeneza hilo lingewekwa kwenye kadi yenye nembo ya televisheni na maneno kwamba rais amefariki saa fulani hospitali fulani. Hapo soko lingetikisika, watu wangeingia barabarani. Hizi ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya kwa makusudi anataka kutumia hasira yetu dhidi ya uongo ili kuadhibu kisichompendeza. Kuteka watu, kwa vyovyote, hakuna kifungu cha sheria kinachokuruhusu.

Kuna eneo moja ambalo kipimo chetu cha kuaminiwa hakitoshi, na ni lazima lisemwe bila kuzunguka. Uso wa mwanamke, awe mbunge, mwandishi au mwanamuziki, ukibandikwa kwenye mwili ulio uchi, madhara hayategemei kama watu wameamini. Mwandishi wa habari wa India Rana Ayyub alifanyiwa hivyo kwa video mwaka 2018 ili anyamazishwe. Hata wanaojua kwamba ni bandia wameshamtazama kwa namna ile, na hicho ndicho aliyetengeneza alichokitaka. Hakuna lebo ya mzaha inayoliponya jambo hilo. Si kejeli, hata ikiwa haikumdanganya yeyote.

Kwa anayetengeneza, na kwa anayepokea

Ukitengeneza kejeli ya kubadilisha sura, weka ufunguo ndani ya picha yenyewe, na uuweke mahali ambapo kuukata ni kuiharibu picha. Lebo kwenye kona ya chini huondoka kwa kidole kimoja. Iliyopita kifuani mwa mhusika, au iliyoandikwa kwenye bango analolishika, haiondoki kirahisi. Angalia pia ukubwa. Picha ya Instagram ya pikseli 1080 kwa 1350 ikionekana kama kijipicha chenye upana wa pikseli 200, kila kitu kimepungua zaidi ya mara 5. Maandishi ya pikseli 24 yanabaki 4, hayasomeki. Ya pikseli 60 yanabaki 11, yanasomeka. Lakini lebo bora kuliko zote ni upuuzi wenyewe: konda mwenye suti ya tai na msafara wa pikipiki nyuma ya daladala hahitaji kuandikiwa kwamba ni mzaha. Ukiona kazi yako haieleweki bila maandishi, ongeza chumvi kwenye picha kabla ya kuongeza herufi. Usitumie nembo ya chombo cha habari kilichopo, hata kwa nia njema. Buni gazeti lako lenye jina la kuchekesha.

Kwa anayepokea, kosa la kawaida ni kutafuta asili ya picha ikiwa na uso uliobandikwa. Mfumo wa kutafuta unavutwa na uso wa mtu maarufu na kukuletea mamia ya picha zake nyingine. Fanya hivi: kata kichwa kabisa, ubaki na mwili, kiti, mlango wa daladala, chochote kilichobaki. Kipande hicho ndicho kilichotoka kwenye picha ya asili bila kuguswa. Kitafute kwa Google Lens, kisha kwenye tovuti ya TinEye ukipanga matokeo kwa `Oldest` ili ya zamani zaidi itangulie. Usipopata, igeuze picha kushoto kulia ujaribu tena, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hugeuza ili uso uelekee upande unaotakiwa. Maandishi yaliyogeuka kinyume kwenye shati au kibao yatakuonyesha. Halafu linganisha masikio na mstari wa nywele na picha ya mhusika ya siku za karibuni. Sikio ni vigumu kulidanganya kwa sababu programu nyingi hazilishughulikii.

Ujue pia mahali njia hizi zinapokwama. Picha iliyotengenezwa yote na akili bandia haina asili ya kupatikana, kwa hiyo kukosa matokeo hakuthibitishi kwamba ni halisi. Ngozi laini kupita kiasi inaweza kuwa kichujio cha urembo cha simu. Tovuti zinazokupa asilimia za ubandia hubabaishwa na picha iliyobanwa mara kadhaa, na picha nyingi za WhatsApp zimebanwa. Pale uso usipotoa jibu, rudi kwenye dai: kama kadi inasema chombo fulani kimeripoti, fungua ukurasa wa chombo hicho wenyewe utazame kama habari ipo.

Ukishapata picha ya asili, irudishe kwenye kundi ikiwa kando ya ile iliyobadilishwa, na useme ni ipi kati ya mbili: mzaha uliopotea njia, au kadi ya kitapeli. Kwa mzaha, taja jina la aliyeutengeneza ikiwa ameuweka hadharani, ili ufunguo urudi ulipotoka na kazi yake isihesabiwe uongo. Kwa kadi ya kitapeli, funika namba ya simu na kiungo kabla ya kutuma, maana kuna atakayeona namba na asisome onyo.